Daftari la Wifi Yangu wa Ubaruku

Nina hasira za haraka. Mama anasema nilizaliwa nazo, kwamba hata siku ya kwanza nililia kama mtu aliyedhulumiwa. Zimenisaidia sokoni, maana nauza vitambaa Mwanjelwa, na mtu mpole pale hachukui muda kufilisika. Lakini mwaka ule zilikaribia kunifanya nimtupe mtu barabarani na watoto wawili, naye hakuwa na kosa.

Mtu huyo ni wifi yangu, mke wa marehemu mdogo wangu. Mdogo wangu aliondoka Mbeya akiwa kijana, akaenda Ubaruku kulima mpunga, akaoa binti wa wakulima wa vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Alipofariki, ukoo ulikaa kikao. Rambirambi zilizobaki, jumlisha pikipiki yake tuliyoiuza, zilifika milioni nne. Mimi nikaongeza mbili. Tukakubaliana tumfungulie mjane banda la uwakala wa fedha za simu, ale na kusomesha watoto. Kwa kuwa leseni ya biashara na namba ya mlipakodi vilikuwa vyangu, laini ya wakala iliandikishwa kwa jina langu. Kamisheni tungegawana nusu kwa nusu, na mtaji wa milioni sita usiguswe na mtu.

Asiyejua kazi hii nimweleze kidogo. Wakala ana mifuko miwili. Mmoja ni floti, yaani salio lililomo kwenye laini. Mwingine ni kash, noti zilizomo kwenye droo. Mteja akija kuweka, floti inashuka na kash inapanda. Akija kutoa, floti inapanda na kash inashuka. Ukijumlisha mifuko yote miwili, asubuhi au jioni, jibu lazima liwe lilelile. Kwetu jibu lilikuwa milioni sita. Kamisheni inakaa pembeni kwenye mfuko wake mpaka uihamishe, na kabla haijakufikia serikali imeshakata kodi ya zuio.

Kila mwanzo wa mwezi wifi alihamisha kamisheni kwenda kwenye floti. Nusu yangu aliniwekea kwenye simu, na nusu yake alitakiwa kuitoa kwenye droo kwa noti. Hapo hesabu inarudi milioni sita. Alinitumia nusu yangu bila kukosa mwezi hata mmoja, nami nikaridhika, nikaacha kuuliza. Miezi mitano sikuuliza floti ngapi wala kash ngapi.

Mwezi wa sita, mavuno ya mpunga yakiwa yamepamba moto Usangu, nikampigia. Wakati wa mavuno wanunuzi wanalipa wakulima kwa simu, na wakulima wote wanataka noti, kwa hiyo wakala asiye na kash ya kutosha anageuka mtazamaji. Nilitaka kujua kama nimwongezee.

"Wifi, mpaka saa hizi umesimamaje?"

"Floti milioni tatu laki nane na sabini. Kash milioni moja laki nne na tisini."

Nilijumlisha kichwani mara mbili. Milioni tano laki tatu na sitini. Laki sita na arobaini hazipo.

"Nyingine iko wapi?"

Nilisikia mashine ya kukoboa ikiunguruma nyuma yake. "Wifi," akasema, "ungekuja tu tupige hesabu."

Hilo lilinichoma kuliko tusi. Mtu asiye na hatia, nilidhani, angepiga kelele, angeapa kwa jina la mama yake. Nilikata simu, nikafunga meza yangu ya vitambaa saa nane mchana na kwenda moja kwa moja kwa mama, ambaye anaishi na kaka yangu mkubwa. Nikamwaga yote. Kaka hakusubiri nimalize. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba yeye tangu mwanzo hakuona sababu ya kumpa mwanamke mgeni milioni nne za marehemu. Banda lifungwe, laini irudi Mbeya, mwenyewe arudi kwao Ruaha Mbuyuni akavune vitunguu. Watoto, kama anataka, awaache.

Mama alikuwa anachambua maharage. "Mali bila daftari hupotea bila habari," akasema. "Ana daftari?"

"Analo."

"Basi likasome kwanza. Ukikuta ameiba, nipigie mimi, nitamwambia mwenyewe aondoke."

Kwa hiyo nilitumwa kukagua, lakini moyoni nilikuwa ninakwenda kukamata.

Kesho yake asubuhi nilipita kwa wakala mkuu pale mjini, anayetuuzia floti, kuomba taarifa ya laini kwa miezi mitano. Mwanamama wa dirishani, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliichapa kurasa baada ya kurasa mpaka nikaona aibu kwa karatasi zake. Juu yake akaweka kurasa tano za kamisheni, mwezi kwa ukurasa. Aliniona nafunua ya mwisho kutafuta salio.

"Mama, salio la mwisho halikwambii kitu," akasema. "Anza na hii karatasi, mstari kwa mstari na daftari lake. Kash uihesabu mwisho. Watu wanaanzaga na kash, ndiyo maana wanapigana kabla hawajajua wanagombea nini."

Nilimshukuru kwa mdomo tu, maana masikio yalikuwa yameshafika Ubaruku.

Nilishuka Rujewa, nikachukua bajaji. Banda la wifi lilikuwa palepale, mbao zilizopakwa rangi, ukutani pumba za mpunga zimeshika kama unga. Alikuwa na mteja. Aliponiona alitoka nje kabisa, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba," nikasema kwa sauti ya polisi.

Alinipa kiti chake, yeye akakalia ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa amekonda. Nililiona hilo, na nikalitafsiri vibaya: nikajiambia dhamira inamla. Hakuniuliza nimelala wapi wala nimekula nini. Alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu, akaliweka mbele yangu, kisha akakunja mikono mapajani.

Lazima niseme ukweli kuhusu daftari lile. Mimi nimekaa sokoni miaka mingi na sijawahi kuandika daftari zuri namna ile. Kila muamala ulikuwa na saa, tarakimu tatu za mwisho za namba ya mteja, neno "weka" au "toa", kiasi, na pembeni kash iliyoingia au kutoka. Kila jioni alipiga mstari kwa rula, akaandika floti, kash na jumla. Hakuna kilichofutwa kwa kalamu nene. Palipokosewa palikatwa mstari mmoja mwembamba ili kilichokuwa kimeandikwa kiendelee kusomeka.

Tulianza na mwezi wa kwanza wa ile mitano. Mimi nilisoma taarifa ya laini, yeye alifuata na kidole kwenye daftari. Muda si mrefu nikamnasa, au nilidhani.

"Hapa karatasi inasema uliweka elfu sitini. Wewe umekata. Elfu sitini ya nani hii?"

"Nilikosea namba, wifi. Soma chini, siku mbili mbele."

Nikasoma. Siku mbili mbele elfu sitini zilikuwa zimerudi kwenye laini. Alikuwa ameweka kwa namba isiyo ya mteja, akapiga simu huduma kwa wateja, wakamrudishia. Kwenye daftari pembeni ya ule mstari aliandika "imerudi" na tarehe.

Nikahamia kamisheni. "Hii karatasi inasema mwezi huu kamisheni ilikuwa laki mbili na ishirini. Wewe ulihamisha laki moja na tisini na nane. Elfu ishirini na mbili umepeleka wapi?"

"Hiyo ni kodi, wifi. Safu ya katikati."

Safu ya katikati ilikuwa imeandikwa kodi ya zuio, elfu ishirini na mbili kamili. Nilikuwa nimeiruka kwa sababu macho yangu yalikuwa yanatafuta mwizi na kodi haikufanana naye. Miezi yote mitano ilikuwa hivyo. Kamisheni halisi, baada ya kodi, ilifika milioni moja na elfu ishirini. Nusu yangu, laki tano na kumi, niliipokea yote. Tarehe zote zililingana.

Hapo mteja akaja, mzee wa Kisukuma mwenye kofia ya pama, mmoja wa wafugaji waliohamia Usangu zamani. Wifi akasimama. "Mwangaluka," akamwamkia kwa lugha yake, mzee akaitika kwa furaha. Alitaka kutoa laki nne. Wifi alingoja meseji iingie kwenye simu ya kazi, akaisoma mpaka mwisho, akaangalia salio limepanda, ndipo akafungua droo. Alihesabu noti mara mbili, akampa mzee naye ahesabu. Kisha akaandika kabla mzee hajaondoka dirishani.

"Wewe ni ndugu yake?" mzee akaniuliza.

"Ni wifi yangu."

"Mmepata mtu. Mimi niliuza ng'ombe, nikachanganyikiwa, nikamwachia laki moja zaidi hapa hapa. Alinitafuta mpaka kambini."

Nilitabasamu kwa meno. Nilijiambia kuwa wezi wazuri ndio wanaorudisha laki moja ili wale sita. Hasira ikishaamua jambo, hata ushahidi wa wema inaugeuza kuwa ushahidi wa ujanja.

Tuliendelea. Na ndipo, katika mwezi wa pili, nikaviona vistari. Kwenye daftari palikuwa na muamala wa "weka", laki mbili, tarakimu za mwisho 618. Safu ya kash haikuwa na namba. Palikuwa na kistari tu. Yaani floti ilishuka laki mbili, na hakuna hata noti moja iliyoingia kwenye droo.

Nikafunua mbele haraka haraka. 618 tena, laki moja na nusu, kistari. 618, laki tatu, kistari. Elfu hamsini, kistari. Elfu themanini, kistari. Vilikuwa vinane. Nilivijumlisha kwenye kikokotoo cha simu: milioni moja laki moja na nusu.

Nikasema moyoni, nimekupata. Nilijua kabisa ni nini. Ni mwanaume. Mjane ana miaka thelathini na kitu, amepata bwana mahali, anampigia "niwekee", naye anamwekea kwa hela za marehemu mume wake. Nilimuona huyo bwana kabisa, na shati lake, na viatu vyake vya kung'aa.

"618 ni nani?"

Wifi alitoa kidole chake kwenye daftari.

"Nakuuliza, wewe! Huyu unayemwekea bila kash ni nani? Mara nane! Unamlisha nani hela za watoto wa mdogo wangu?"

Nilikuwa nimesimama. Watu wa mashine ya kukoboa walikuwa wamegeuka. Wifi alibaki kwenye ndoo yake, macho chini, na kitu kilichonishangaza ni kwamba hakuwa na hofu. Alikuwa na aibu, lakini ilikuwa aibu ya mtu anayemtazama mwenzake akivuka barabara na nguo imepasuka nyuma.

"Soma kwenye karatasi yako, wifi," akasema polepole. "Pale wanaandika namba nzima na majina."

Nikaipapasa ile taarifa mpaka nikaipata tarehe. Laki mbili, saa nne na dakika kumi asubuhi. Namba nzima sikuijua. Pembeni yake, kwa herufi kubwa, palikuwa na majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho changu cha taifa.

Nilitafuta cha pili. Majina yangu. Cha tatu, cha nne, mpaka cha nane. Nilikaa.

Nina laini mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, na ndiyo wifi alikuwa ananiwekea kamisheni. Ya pili niliisajili kwa ajili ya wateja wa vitambaa, na namba yake mpaka leo siijui kwa kichwa. Mwaka ule laini ya kwanza ilikuwa na mkopo wa simu, ile mikopo ya haraka ambayo hela yoyote ikiingia wanakata kwanza chao. Kwa hiyo kila nilipobanwa nilimpigia wifi nikisema: niwekee laki mbili mara moja, mzigo umefika, lakini weka kwenye ile nyingine, hii watakata. Nitakurudishia wiki hii. Na mara zote nilikata simu kabla hajasema sawa.

Sikuwahi kurudisha. Siyo kwamba nilipanga kutorudisha. Nilisahau, na nilisahau kwa sababu kichwani mwangu sikuwa nimekopa. Laini ina jina langu, leseni ina jina langu, basi nilichukua changu. Mtu hajikopeshi. Milioni nne za marehemu zilikuwa mle ndani zimechanganyika na mbili zangu, na mimi nilizitambua zangu tu kila nilipotaka kuchota.

Nyani haoni kundule. Nimeutumia msemo huo kwa watu wengi maishani, na kwa raha.

Lakini hesabu bado haikuingia. Nilichukua milioni moja laki moja na nusu, na upungufu ni laki sita na arobaini tu. Laki tano na kumi zilikuwa zimejirudisha zenyewe. Hilo ndilo lililonifanya nishike tena daftari, safari hii kwa mikono miwili.

"Nusu yako ya kamisheni," nikasema. "Mwezi huu uliitoa lini?"

"Sijaitoa."

"Na mwezi uliopita?"

"Sijaitoa, wifi. Tangu ulivyoanza kuniomba sijatoa."

"Na ule mwezi wa kwanza, kabla sijaanza?"

"Nilikuwa nimeiacha ninunulie kitanda cha watoto. Halafu ukaanza, nikaiacha moja kwa moja."

Laki tano na kumi kamili. Miezi mitano alifungua banda saa moja asubuhi na kufunga jioni, na hakuchukua hata shilingi. Aliiacha nusu yake ndani ya floti izibe shimo ninalochimba mimi kutoka Mbeya.

"Ulikuwa unakula nini?"

"Nilikuwa nafua nguo za watu wa mashineni. Na pumba nauza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, wifi? Kwamba laini yako usiitumie? Mi ni mtu wa kuja hapa kwenu. Nilijua ipo siku mtakuja kuhesabu, na hela ikipungua, wa kwanza kuitwa mwizi ni mimi. Nikasema basi, angalau isipungue sana."

Na ndipo kidole changu, kilichokuwa bado kwenye kistari cha tano, kile cha elfu themanini, kikanikumbusha tarehe. Nilizichukua kwa ajili ya kusuka nywele na kushona sare ya kitchen party ya binti wa rafiki yangu. Na siku ileile, mchana, wifi alinipigia akiwa zahanati. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa kali. Aliniomba elfu thelathini, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji kwa jirani asiyemzoea. Nakumbuka nilichomjibu, kwa sababu nilijiona nimesema jambo la busara. Nilimwambia: "Wifi, wewe una kamisheni kila mwezi. Kamisheni yako unaipeleka wapi?"

Akasema, "Basi wifi, nitaangalia." Akakata. Nikaendelea kusukwa.

Nililia pale bandani. Sitaki kujipamba, sikulia kwa uzuri, nililia kwa makamasi, na wifi akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Mteja alikuja, akatuona, akasema atarudi baadaye. Niliomba msamaha. Nilisema maneno mengi, mengine hayana maana. Yeye alisema, "Yameisha wifi," lakini hakunitazama aliposema, na nilijua hayajaisha. Nisingependa yaishe kirahisi hivyo.

Nilipotulia nikachukua simu. Kwenye laini ile ya 618 nilikuwa na laki mbili na arobaini. Nikamwambia nataka kutoa zote zinazowezekana. Alinitajia namba ya wakala kama anavyomtajia mteja yeyote, nikaiingiza, nikaandika laki mbili na thelathini na kuacha kidogo kwa ajili ya makato, nikathibitisha. Meseji ikaingia kwenye simu yake ya kazi. Floti ikapanda. Alifungua droo, akaanza kuhesabu noti.

"Usinipe," nikasema. "Ziache humo."

Alinielewa. Nilizichukua bila kuleta kash, na sasa nazirudisha bila kuchukua kash. Akaandika kwenye daftari: toa, 618, laki mbili na thelathini. Kwenye safu ya kash akapiga kistari. Tukahesabu droo mwisho kabisa, kama mwanamama wa miwani alivyosema. Noti zilikuwa milioni moja na elfu tisini, floti milioni nne na laki tano. Jumla milioni tano laki tano na tisini, bila kupungua hata mia. Nilibaki nadaiwa laki nne na kumi za mtaji, na laki tano na kumi za wifi. Nikaziandika mwenyewe kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, nikatia saini. Zilinichukua mpaka mwaka mpya kuzimaliza, na mara mbili niliuza vitambaa kwa bei ya hasara.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mchana ule simu yangu iliita tukiwa bado tunafunga noti kwa mpira. Alikuwa kaka. Banda ni dogo na sauti yake ni kubwa, hakukuwa na haja ya spika.

"Ehe! Umemkuta? Amekula ngapi?"

Nilifungua mdomo, na nakiri kwamba kilichokuja kwanza ni uongo. Ulikuwa umeshajiandaa wenyewe, msafi, wa kuaminika: mtandao ulisumbua, kuna miamala ilichelewa, tumeshaelewana nao. Hakuna ambaye angeumia. Kaka hajui floti ni nini. Nilikuwa ninauonja ulimini.

Wifi alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua simu taratibu kutoka sikioni kwangu.

"Shikamoo shemeji," akasema. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Tumepiga hesabu na wifi, tumeona tulipokosea. Yamekwisha."

Alisema tulipokosea. Alikuwa tayari kujiweka ndani ya kosa langu ili nisibaki peke yangu mle, kama alivyoweka kamisheni yake. Na kaka, ambaye alikuwa ameshampangia safari ya Ruaha Mbuyuni, nilimsikia akiguna: "Kwa hiyo umekosea. Si nilisema?"

Nikaichukua simu mkononi mwa wifi.

"Kaka, mpe mama."

"Mama anakula. Niambie mimi."

"Mpe mama."

Nilisikia kiti kikivutwa, kandambili zikiburuzwa sakafuni, kisha pumzi za mama. Anashikaga simu karibu mno na mdomo. Akaniuliza kwa Kinyakyusa kama nimefika salama, halafu akaingia kwenye Kiswahili, maana mambo ya hela huyasema kwa Kiswahili.

"Haya. Daftari umelisoma?"

"Nimelisoma lote, mama."

"Ameiba kiasi gani?"

Wifi alikuwa anatikisa kichwa akinikataza, mikono yote miwili juu.

"Mwizi ni mimi, mama," nikasema. "Yeye alikuwa ananilipia."